Waliniambia spika imekufa, kumbe ni kutu kwenye springi

Fundi wa kwanza, pale Dodoma mjini, aliiwasha redio ya mjomba, akaigonga gonga, akasema spika imekufa nitafute nyingine. Hakufungua hata skrubu moja. Mjomba yuko Mvumi, na redio hiyo ndiyo anayosikilizia taarifa ya habari na vikao vya Bunge. Kabla ya kunipa mimi alishashauriwa anunue betri mpya. Akanunua. Sauti ikapanda siku hiyo, baadaye ikarudi kuwa ya kunong'ona, na watu wakamwambia kauziwa betri feki. Iliniudhi, maana mzee anayeishi kwa uwele na mtama anatumishwa hela kwa kukisia tu.

Mimi nilianza na mita. Redio hiyo inatumia betri kubwa 4, kwa hiyo zikiwa mpya ni volti 6 na ushee. Ukipima redio ikiwa imezimwa utazikuta zote, na utaamini kila kitu kizima. Hapo ndipo wengi wanapopotea: redio ikiwa imezimwa umeme hautembei, kwa hiyo kutu haina cha kuzuia. Niliiwasha, nikafungulia sauti mpaka mwisho, ndipo nikapima pale waya za betri zinapoingia kwenye bodi. Volti zilishuka mpaka 4 na kidogo, na kila besi ikipiga zinashuka zaidi, sauti inakwaruza. Spika iliyochanika inakwaruza pia, lakini volti haiziangushi.

Kinachofuata ndicho ninachotaka mafundi wetu wakishike. Redio ikiwa bado inaimba kwa nguvu, weka ncha moja ya mita kwenye kitako cha betri na nyingine ng'ambo ya springi inayogusana nacho: kwenye betri inayofuata, au pale waya wa springi unapoingia kwenye bodi. Pakiwa pazima mita inasoma karibu na sifuri, kwa sababu hapo hapatakiwi kupotea kitu. Nilienda sehemu moja baada ya nyingine, na kwenye springi ya mwisho nikakuta volti moja na nusu. Maana yake betri nzima ilikuwa inaishia kwenye kutu! Ndiyo maana betri mpya zilisaidia kidogo tu.

Nilipoitoa springi, kwa juu ilikuwa na unga mweupe, lakini ubaya wenyewe ulikuwa nyuma, pale waya ulipochomelewa kwa risasi. Nilipomenya plastiki, nyuzi za shaba zilikuwa za kijani na zinakatika kama majani makavu. Kupiga msasa upande wa mbele peke yake kusingefaa kitu. Nilikata waya mpaka nikafika kwenye shaba nyekundu, nikasugua springi kwa msasa laini, nikapiga risasi upya. Volti zikasimama karibu na 6, na mjomba akaniambia, "Mwanangu, punguza, majirani watalalamika."

Stesheni za FM zilikuwa bado zinachemka. Antena ilionekana nzima, inavutika yote, ila inazunguka bila ukinzani wowote. Antena ikizunguka hovyo, waya ulioko kwenye skrubu ya chini husokoteka mpaka unakatika. Kabla ya kufungua lolote nilichukua waya wa sentimita 75 hivi, ambao ni urefu mzuri kwa FM, nikagusisha ncha yake kwenye bodi pale waya wa antena unapoanzia. Stesheni ikatulia palepale. Basi bodi ilikuwa nzima, kosa liko kati yake na antena, na kweli waya ulikuwa unaning'inia. Ila ukisikiliza mawimbi ya kati, antena hiyo usihangaike nayo: huko redio inapokea kwa kile kijiti cheusi cha ndani kilichozungushiwa waya, unaigeuza redio yenyewe mpaka sauti ikae vizuri.

Mwisho ilikuwa gurudumu la kutafutia stesheni. Ukilizungusha, mshale unakaa, ukiachia kidole stesheni inakimbia. Tundu la plastiki lilikuwa limelika, likawa linateleza kwenye kishikizo cha kapasita, kile kifaa kinachochagua stesheni. Nilikata kipande chembamba cha kopo la soda, nikakichomeka ubavuni mwa tundu na kukaza skrubu ya katikati. Zile skrubu ndogo mgongoni mwa kapasita sikuzigusa. Ndizo zinazoweka stesheni kwenye namba zake, na fundi wa kubahatisha akizizungusha unaikuta kila stesheni imehama.

Gharama yote ilikuwa risasi na msasa, hela ya soda kadhaa. Nimemwambia mjomba azitoe betri kila anapojua hatasikiliza kwa muda mrefu, kwa sababu msasa umeshaondoa ule mng'ao unaoilinda springi, na betri ikivuja tena itashika kutu haraka kuliko mwanzo.