Ninavyochagua maana ya tirer, monter na droit katika hati za Kifaransa

Hapa Kampala ninatafsiri hati za Kifaransa kwa Kiingereza kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo wanaoingia Uganda kupitia Bunagana na Mpondwe, kwa kuwa maofisi ya hapa husoma Kiingereza. Maneno yanayonichukua muda mrefu kuliko yote ni ya kila siku, ambayo mwandishi huyaandika bila kufikiri na kamusi huyapa maana kumi au zaidi.

Neno ninalolichunga zaidi ni "tirer", kwa sababu katika maelezo ya mkimbizi linaweza kubeba bunduki au kamba. Kabla ya kuangalia kamusi, huangalia kinachofuata neno hilo. "Tirer la porte" ni kuvuta mlango, yaani "pull the door". "Tirer de l'eau" ni kuteka maji, na Kiingereza chake ni "draw water". "Tirer en l'air" ni kupiga risasi hewani, "fire into the air". Ugumu huja likifuatwa na "sur". Kinachofuata "sur" kikiwa mtu, kwa kawaida ni "shoot at". Kikiwa kamba, ni "pull on". Kikiwa mlango, sarufi peke yake haiwezi kuamua.

Mzee mmoja aliniletea maelezo yaliyoandikwa hivi: "Ils ont tiré sur la porte jusqu'à ce que le cadenas cède." Kufuli huachia kwa kuvutwa na huachia kwa risasi pia, kwa hiyo niliiacha sentensi hiyo wazi nikaendelea kusoma hadi mwisho wa ukurasa. Aya mbili mbele aliandika kwamba majirani hawakusikia chochote mpaka watu wale walipokuwa wakiondoka, "quand ils ont tiré en l'air". Mlango uliopigwa risasi usiku ungeamsha mtaa mzima. Hata hivyo, kwa kuwa afisa atakayemhoji hulinganisha maandishi na maneno ya mdomo, na tofauti ndogo inaweza kumfanya aonekane mwongo, nilimuuliza mwenyewe.

"Mzee, samahani, pale mlangoni waliuvuta mlango au waliupiga risasi?"

"Waliuvuta, mwalimu, kwa mnyororo. Risasi walipiga baadaye, wakienda zao."

Niliandika "They pulled at the door until the padlock gave way", na kule mbele "fired into the air". Mwenye hati asipopatikana na ukurasa usipotoa jibu, sichagui kwa kubahatisha. Huandika maana moja na kueleza pembeni kwamba Kifaransa kinaruhusu ya pili.

"Monter" huniletea shida ndogo zaidi, kwani Kiswahili chenyewe kinasaidia: sisi pia tunapanda mlima, tunapanda gari, na bei hupanda. Tofauti ni kwamba Kiingereza hutenganisha vitendo hivyo, hivyo hutafuta kama kuna kitu kinachotendwa. "Nous sommes montés dans un camion" ni "we got into a truck". "Nous avons monté la tente" ni "we put up the tent". "Monter un dossier" ni "put together a file". Wengi hufundishwa kutazama kitenzi kisaidizi, "être" au "avoir", na kwa kawaida inasaidia, lakini "le prix a monté" ina "avoir" bila kitu kinachotendwa, na maana yake ni "the price went up". Ndiyo maana naamini zaidi kitendwa kuliko kisaidizi.

Kuhusu "droit", likiwa nomino huangalia mazingira yake. "J'ai fait le droit" ni mtu aliyesoma sheria, "law". "Droits de douane" ni ushuru wa forodha, "customs duties". Na "je n'avais pas le droit de sortir" mara nyingi ni "I was not allowed to go out", isipokuwa hati inapozungumzia haki za kisheria, ambapo "right" hubaki. Likiwa sifa, linaweza kumaanisha upande wa kulia au kitu kilichonyooka, na ndipo ninapopunguza mwendo. Katika karatasi ya hospitali nilikuta "le patient doit garder la jambe droite pendant la nuit". Msomaji wa haraka ataona mguu wa kulia, lakini mistari ya juu ilikuwa imetaja jeraha la "genou gauche", goti la kushoto, na kitenzi "garder" hapo kinaomba hali ya mguu, si upande wake. Tafsiri ikawa "keep the leg straight", na kabla ya kupiga muhuri nilirudi kuhakikisha kwamba neno "right" halikutokea popote katika ukurasa ule.