Kiti nimekikuta, kazi sijaikuta

Leo ni wiki ya tatu tangu nirudi kutoka likizo ya uzazi. Kiti changu nilikikuta palepale. Kazi ndiyo sikuikuta. Ripoti ya mwisho wa mwezi, niliyoiandaa miaka minne, sasa iko kwa kijana aliyeajiriwa nikiwa nyumbani, na kusema kweli anaiandaa vizuri.

Siku ya kwanza niliharibu. Kikaoni nilisema "sisi huwa tunafanya hivi" mara tatu, watu wakatazamana. Utaratibu huo walishauacha baada ya hesabu kukataa kulingana miezi miwili mfululizo, nami sina habari. Nikanyamaza. (Maziwa nayo yalikuwa yanavuja, lakini hayo tuyaache.)

Kesho yake nikamwomba yule kijana saa moja anieleze kilichobadilika na sababu zake. Meneja nikamuuliza wazi: kipi ni changu sasa? Ripoti imebaki kwa kijana. Mimi nimechukua madeni ya wateja yaliyokwama, ambayo hakuna aliyeyataka. Jana la kwanza limelipwa. Kijana akaja mezani kwangu na daftari: "Dada, huyu ulimpataje? Mimi hata simu hapokei."