Posa isiyo na jina

Jana usiku mpwa wangu kanitumia barua ya posa kwenye WhatsApp, niipitie kabla wazee hawajaipeleka Jumamosi. Kaichapa vizuri: Bismillahi juu, salamu ndefu, jina la baba wa msichana sawasawa. Nikamuuliza jambo moja tu, jina la msichana liko wapi? "Khalati, si wanajua wenyewe?"

Mamake hajamhadithia, naona.

Sisi tulikuwa wasichana wawili pale Kibokoni, mimi na mdogo wangu, baba keshafariki na ndugu wa kiume hatuna. Walii wetu alikuwa ami, kwa hivyo wageni walipotaka kuja ni yeye aliyepelekewa habari, si mamangu, ingawa mamangu ndiye aliyepika. Wakaja baada ya Isha, wazee watatu wenye kanzu na makoti. Kijana mwenyewe hakuwemo, kama ilivyo desturi. Udi ukafukizwa, halua ikakatwa, buli la kahawa likapanda na kushuka. Sisi wawili tulikaa kwenye ngazi, mlango wa ukumbi umeachwa wazi kidogo, na mamangu alijifanya hatuoni.

Mkubwa wao akatoa bahasha ndani ya hanchifu nyeupe, akampa ami kwa mikono miwili. Ami akavaa miwani, akaisoma kwa sauti. Salamu peke yake zilijaza nusu ya karatasi. Kisha ikaja haja yenyewe: kijana wetu, akatajwa jina lake na la babake na la babuye, amekusudia kutimiza sunna, nasi tunaomba udugu na nyumba yako kwa kumposa binti yenu. Hapakuwa na habari ya mahari, na hilo ni sawa. Mahari ni ya mwanamke, hayasemwi mpaka yeye kwanza aseme ndiyo. Wanangoja jawabu la heri, wassalamu.

Ami akanyamaza. Akaigeuza karatasi akatazama nyuma, hakuna kitu. Akausoma tena ule mstari mmoja, kimoyomoyo, midomo yake tu ikicheza. Mdogo wangu alikuwa kashika sinia la vikombe, na vikombe vikaanza kugongana. Nikamshika mkono, si kwa huruma, nilitaka kusikia.

"Barua nzuri," ami akasema. "Lakini binti zangu humu ni wawili."

Yule mzee akacheka kidogo, akamtazama mwenzake wa kulia. Mwenzake akaitazama halua. Wa tatu ndiye aliyejibu, taratibu sana: "Sisi tumekuja nyumbani, mzee. Utakachotupa tutapokea."

Mamangu jikoni akaacha kumimina.

Nilikuwa nimemzidi mdogo wangu miaka minne. Katika mtaa wetu mkubwa hutangulia, na kila aliyekuwemo humo ndani alilijua hilo. Ami angeweza kusema jina langu wakati ule, kahawa ikamaliziwa, mambo yakaisha. Badala yake alikunja barua kwa mikunjo yake ileile, akairudisha kwenye hanchifu. Akasema hawezi kuipokea. Ikilala humu bila jina itawafunga wote wawili, kwa kuwa watu wakisikia nyumba ina posa hurudi nyuma mpaka jawabu litoke. Tena kuna kuulizwa: msichana ndiye wa kuulizwa, na mwanamwali akinyamaza hiyo ni ridhaa. Sasa amuulize nani? Nani anyamaze?

"Kaandikeni jina, mrudi. Mlango uko wazi."

Hawakukasirika, au hawakuonyesha. Walimaliza kahawa.

Barua ya pili ikaja na jina la mdogo wangu. Mamangu aliniita chumbani kuniuliza kama niko radhi kupitwa, nikasema niko radhi, na sikunyamaza, nisije nikahesabiwa vingine. Ami akamuulizia kijana msikitini kwao na pale alipokuwa akifanya kazi, jawabu likatoka, wakaozwa kabla ya Ramadhani.

Mamangu husema walisahau tu. Ami hadi leo hakubali. Mtu anayekumbuka jina la babu wa kijana hawezi kusahau jina la bibi harusi. Yeye anaona ilikuwa heshima, hawakutaka kumruka mkubwa kwa kalamu. Mimi siku nyingine nadhani walikuwa na kijana anayemtaka mmoja na mama anayemtaka mwingine, wakaona bora nyumba yetu ndiyo iamue. Nilimuuliza shemeji, tukiwa tumeshazoeana, akasema barua iliandikwa na babuye na yeye hata hakuonyeshwa. Nikamuuliza sasa kama ami angenitaja mimi? Akamwita mkewe alete chai.