Kofia kumi na mbili, miji minne

"Dada, kila nikiamka zimekwisha." Ujumbe huu ulinijia Mei 2024 kutoka kwa mteja wangu wa Toronto, na hakuwa wa kwanza kulalamika. Mama yangu na shoga zake wanne wanashona kofia za viua kwa mkono hapa Unguja. Kofia moja huchukua wiki kadhaa mpaka ikamilike, kwa hiyo kila mwezi tunapata kumi na mbili, pengine kumi na tatu. Mimi ndiye ninayezipiga picha na kuzitangaza Instagram. Oda napokea WhatsApp, anayewahi ndiye anayepata. Wanunuzi wako Muscat, London na Toronto, na wachache hapa nyumbani.

Wakati ule nilikuwa naposti Ijumaa saa nne asubuhi, nikishamaliza kazi za nyumbani. Kwa Muscat ni saa tano, mtu yuko macho na ni siku yake ya mapumziko. London ni saa mbili asubuhi. Toronto ni saa tisa za usiku. Kofia hazikai zaidi ya saa mbili, kwa hiyo yule kaka alikuwa anasema kweli tupu: mashindano yalikuwa yanaanza na kumalizika yeye amelala.

Nikafungua takwimu za akaunti, sehemu iliyoandikwa `Most active times`. Inaonyesha kwa kila siku ni saa zipi wafuasi wako wengi wanaingia, kwa mafungu ya saa tatu tatu. Kilele changu kilikuwa usiku, baada ya magharibi. Nikahamisha tangazo: Ijumaa saa mbili usiku. Nikapiga hesabu kwa vidole: Muscat saa tatu usiku, London saa kumi na mbili jioni, Toronto saa saba mchana. Miji yote iko macho. Nikaona nimemaliza.

Mwezi uliofuata Toronto haikupata hata kofia moja.

Kilichonifungua macho kilikuwa kosa. Julai nilikuwa na safari ya Pemba, nikamwomba binamu yangu aliyezaliwa huko huko Kanada anisaidie kutega posti. Nikamwandikia: "Tega saa mbili usiku, saa za kwetu." Yeye Kiswahili anakisema vizuri, lakini saa anazihesabu kwa Kizungu. Akatega 02:00 ya usiku wa manane, saa za Unguja. Nilipoamka kwa sala ya alfajiri nikakuta oda kumi na mbili zimeshaingia, na saba ni za Toronto. Ile saa nane ya usiku wetu kwao ilikuwa saa moja jioni ya Alhamisi, watu wamerudi kazini. Asubuhi hiyo hiyo mzee mmoja wa Muscat akanitumia sauti: "Mwanangu, mmetusahau sisi?" Nikamwomba radhi, "Shikamoo ami, imetokea bahati mbaya," lakini moyoni nilikuwa na swali jingine. Kama Toronto ina wanunuzi saba ndani ya saa chache, mbona daftari langu linawaonyesha kama watu wachache?

Jibu lilikuwa kwenye namna nilivyohesabu. Ile chati ya Instagram inahesabu wafuasi wote, na wafuasi wangu zaidi ya nusu wako Tanzania. Wanapenda picha, wanaandika mashallah, wananitia moyo, lakini wengi wao hawanunui. Kilele kile kilikuwa cha watu wa Dar na Unguja. Na daftari langu nalo lilikuwa linaandika waliopata tu. Aliyelala saa ya tangazo hawezi kuonekana kwenye orodha ya waliowahi.

Nikarudi kwenye WhatsApp ya miezi mitano, nikachora safu mbili kwa kila mji. Safu ya kwanza waliopata. Ya pili ni wale walioandika "bado zipo?" baada ya kofia kwisha. Kila ujumbe una saa na dakika yake kwa saa za simu yangu, nami nikaibadili kuwa saa ya mji wa mtumaji. Waliopata walikuwa Muscat 27, Toronto 11, London 14, na nyumbani 9. Kwenye safu ya pili Muscat walikuwa 6, London 8, Toronto 26. Hapo ndipo mahitaji yalipokuwa yamejificha. Anayetaka kufanya hesabu hii namshauri asiache safu ya pili, kwa sababu ya kwanza peke yake inakurudishia saa ulizozizoea wewe mwenyewe.

Kubadili zile saa kulinionyesha pia kwa nini Ijumaa saa mbili usiku ilishindwa. Ujumbe wa Toronto siku hiyo ulianza kuingia kwao inapokaribia saa tisa mchana, kwa mfululizo, kama mlango umefunguliwa. Nikamuuliza yule kaka, akanijibu: "Dada, Ijumaa saa saba sisi tuko msikitini." Bila shaka! Nauza kofia za kuendea msikitini, halafu naziuza wakati wanunuzi wako kwenye hotuba na simu zimezimwa. Saa ilikuwa nzuri, siku ndiyo mbaya.

Kuchagua siku nako kulihitaji kufikiriwa. Oman wanapumzika Ijumaa na Jumamosi. Falme za Kiarabu, ninakouza kidogo, wamehamia Jumamosi na Jumapili tangu Januari 2022, Ijumaa wanafanya kazi nusu siku. London na Toronto ni Jumamosi na Jumapili. Siku moja tu ndiyo inayowakuta wote mapumzikoni, nayo ni Jumamosi. Nikaiweka Jumamosi saa mbili usiku ya Unguja, na mpaka leo ndiyo saa yangu ya tangazo kubwa.

Hata hivyo saa saba mchana wa Jumamosi si saa bora ya Toronto. Wako sokoni, wako kwenye michezo ya watoto. Ujumbe wao mwingi kwenye daftari ulikuwa wa saa mbili mpaka saa nne usiku kwao. Kwa hiyo nikaigawa kofia: nane zinatoka Jumamosi saa mbili usiku ya kwetu, nne nazizuia mpaka saa tatu usiku ya Toronto. Hiyo kwetu, wakati wa kiangazi chao, ni saa kumi za alfajiri ya Jumapili. Mara ya kwanza nilitega Jumamosi saa kumi alfajiri badala ya Jumapili, na zile nne zikatoka Toronto ikiwa Ijumaa usiku, kabla hata ya zile nane. Ukivuka usiku wa manane tarehe inabadilika upande mmoja tu, na kichwa kilichochoka hakilioni hilo. Siku hizi kwenye daftari naandika siku na saa za mji wa mnunuzi kwanza, kisha zangu chini yake, na kwa mtu yeyote ninayemwachia kazi naandika tarakimu na jina la mji, "20:00 Unguja". Neno saa mbili sitegemei tena.

Posti ya alfajiri haina mtu wa kujibu. Nilitangaza kanuni wazi: nikiamka najibu kwa kufuata mpangilio wa muda wa ujumbe, wa kwanza ndiye wa kwanza. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila mtu anaiona dakika yake kwenye simu yake.

Kuna jambo ambalo kutega saa peke yake hakulimalizi. Instagram haiwapangii watu posti kwa kufuata muda ilipotoka tu, kwa hiyo mwingine huiona kesho yake. Dawa niliyoipata ni stori. Stori inakaa saa 24, maana yake ukiiweka saa yoyote itapita kwenye jioni ya kila mji mara moja kabla ya kufutika. Basi siku moja kabla naweka stori yenye picha za kofia zote na saa nne zimeandikwa: Unguja, Muscat, London, Toronto. Stori ndiyo inayowaita, posti inafungua mlango.

Novemba 2024 nikajifunza la mwisho, nalo lilinigharimu imani ya watu. Unguja na Muscat saa hazibadiliki mwaka mzima. Toronto wanazisogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. London ni Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Mimi nilikuwa nimeshatega posti za Novemba tangu katikati ya Oktoba, kwa saa kumi alfajiri ya kwetu. Tarehe 3 Novemba Toronto wakarudi nyuma. Jumamosi iliyofuata zile kofia nne zilitoka saa mbili usiku yao badala ya saa tatu niliyowaahidi, na walioiheshimu ahadi yangu wakakuta zimekwenda. Nikawaandikia mmoja mmoja kuomba msamaha.

Tangu hapo tangazo la Toronto nimeliweka kwenye kalenda ya Google kama tukio la kila mwezi, nikachagua ukanda wa saa wa Toronto. Kalenda inajua mabadiliko yao, na kwenye simu yangu lile tukio linahama lenyewe kutoka saa kumi kwenda saa kumi na moja alfajiri. Posti yenyewe natega wiki hiyo hiyo, nikiwa naiangalia kalenda, na siku za Machi, Oktoba na Novemba sitegi chochote kinachovuka tarehe ya mabadiliko. Tangazo la saa mbili usiku silihamishi: majira ya baridi linafika London saa kumi na moja jioni na Toronto saa sita mchana, na kwa Jumamosi halimkoseshi mtu.

Ramadhani ya 2025 iliangukia Machi, ikavuruga kila kitu. Saa mbili usiku kwetu ni tarawehe, London ni saa moja kabla ya futari na jiko linawaka. Nikatafuta saa ambayo mfungaji yeyote yuko macho na mikono yake haina kazi, nikaipata saa saba mchana ya Unguja. Muscat ni saa nane mchana. London saa nne asubuhi. Toronto ni saa kumi na moja alfajiri, na baada ya tarehe 9 ikawa saa kumi na mbili: mwishoni mwa daku. Jumamosi ya tarehe 15 nikazitoa zote kumi na mbili kwa mkupuo, bila ya kuzuia hata moja. Tano zikaenda Muscat, nne Toronto, tatu London. Oda ya pili kuingia ilikuwa ya yule kaka wa Mei. Aliandika: "Dada, leo nilikuwa macho, chai ya daku bado iko mkononi."