Siku moja Kaptembwo: sindano moja ya asubuhi badala ya mbili

Saa 12:40 asubuhi

Simu inaita kabla sijafunga kamba za viatu. Ni binti wa shosho mmoja wa Kaptembwo. "Sista, sukari leo ni 8.6. Amekunywa chai na mkate nusu. Nimdunge?" Namwambia adunge yuniti 16 za insulini kama kawaida, kisha aweke alama kwenye daftari kabla hajaweka sindano chini. Hiyo alama ndiyo ninayoisisitiza kuliko kitu kingine chochote katika nyumba ile, na sababu yake nitaieleza.

Mimi ni muuguzi wa kutembelea wagonjwa nyumbani hapa Nakuru. Wengi wao ni wazee wenye kisukari pamoja na dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Saa 2:00

Kituoni. Nachukua vijiti vya kupimia, naangalia tarehe ya kuharibika na kama kopo lilifungwa vizuri, maana kijiti kilichopigwa na unyevu hutoa namba ya uongo. Napanda matatu.

Saa 3:15

Shosho ameketi juani, amejifunika leso. Ana miaka 79, na kisukari amekaa nacho muda mrefu. Siku hizi hawezi kuoga wala kuvaa bila kusaidiwa, na ukimuuliza kama amekula atakuambia bado, hata sahani ikiwa mbele yake.

Nilipokuja mara ya kwanza alikuwa kwenye insulini ya mchanganyiko: yuniti 16 asubuhi na 8 jioni, kila moja nusu saa kabla ya chakula. Juu yake alimeza glibenklamidi na metformini. Kipimo chake cha sukari ya miezi mitatu kilisoma asilimia 6.1, na familia ilikuwa imepongezwa. Kwa mtu wa miaka 45 anayejitunza mwenyewe, ni namba nzuri. Kwa shosho ilinitia hofu. Mtu anayekula leo na kukataa kesho hawezi kufika 6.1 kwa dawa zile bila sukari kushuka sana saa fulani.

Na saa zenyewe tulizipata. Alikuwa akiamka usiku, anatoa jasho, anavuta mlango, anamtukana mjukuu. Wote walisema ni dimenshia inazidi. Nilimwomba binti apime wakati huohuo wa ghasia, na saa 9 usiku mashine ikasoma 2.8, sukari iliyoshuka mno.

Kuna jambo jingine lililojitokeza tulipoongea. Siku moja binti alimdunga asubuhi akaenda sokoni Wakulima. Dada wa kazi akamuuliza shosho kama amedungwa, shosho akasema hapana, akadungwa tena. Dada hakuwa na njia ya kujua. Ndiyo maana alama kwenye daftari inatangulia yote, na sindano zinakaa kwenye boksi lenye kufuli ambalo ufunguo wake unashikwa na mtu mmoja kwa siku.

Daktari alianza kwa kuondoa glibenklamidi. Dawa hiyo inaisukuma kongosho itoe insulini iwe mtu amekula au hajala, na kwa mzee ambaye figo zimechoka inakaa mwilini muda mrefu. Unaweza kumpa sukari akazinduka, kisha baada ya saa chache akashuka tena. Metformini ilibaki kwa kuwa kipimo cha figo kiliruhusu, na peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi.

Kisha insulini. Sehemu ya insulini ya mchanganyiko hufanya kazi haraka, nayo inahitaji chakula kije kwa wakati. Kwa mtu anayeweza kuisukuma sahani baada ya kudungwa, hapo ndipo hatari ilipo. Hesabu ya kuhamia sindano moja ni hii: jumla ya siku ilikuwa 24, asilimia 70 yake ni karibu 17. Kwa sababu alikuwa tayari anashuka usiku, daktari aliteremsha hadi 16 za insulini ya muda wa kati, ile yenye rangi ya maziwa, mara moja kila asubuhi. Kwa nini asubuhi? Insulini hiyo inakuwa na nguvu zaidi mchana, wakati watu wako macho, chakula kipo jikoni, na mtu anaweza kumwona akibadilika.

Saa 4:30

Napitia daftari na binti. Wiki hii, kabla ya chai: 7.9, 9.4, 8.8, 7.2, 9.9, 10.1, na leo 8.6. Binti ana wasiwasi, kwa sababu kliniki walimfundisha zamani kwamba 7 ndiyo mwisho.

Namweleza polepole. Kwa mzee aliyefika hali ya shosho, tunakubali asubuhi iwe kati ya 5.6 na 10. Sukari ya 9 haitamdhuru leo wala mwezi huu. Sukari ya 2.8 inaweza kumwangusha avunjike nyonga kabla hakujakucha. Ile 10.1 tunaichunguza: siku hiyo shosho alikuwa ameshika embe, na kidole hakikunawishwa. Utamu wa tunda kwenye ngozi unatosha kupandisha namba. Maji na sabuni, kukausha vizuri, halafu kutoboa pembeni mwa ncha ya kidole, ambako hakuumi sana kama katikati.

Saa 6:00 mchana

Dada wa kazi na mjukuu nawakalisha pamoja. Shosho hawezi kusema "najisikia vibaya," kwa hiyo wao ndio watakaoona. Akiwa mkali ghafla, akilegea, akitoa jasho, akitetemeka, au akisinzia saa isiyo yake, wapime kwanza kabla ya kubishana naye. Ikiwa chini ya 4 na anaweza kumeza, vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyojaa, vikorogwe kwenye maji kidogo, anywe. Wapime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, warudie. Ikipanda, ndipo apewe uji au mkate. Mjukuu anauliza kama mashine ikikosa vijiti afanyeje. Ampe sukari hata hivyo. Kungoja ni hatari zaidi.

Akiwa hajitambui au hawezi kumeza, wasimmiminie kitu mdomoni. Wamlaze ubavu na kumkimbiza hospitali. Nawafanya wanionyeshe kwa vitendo, na mjukuu anafanya vizuri kuliko wote.

Saa 8:30

Langa Langa, kwa mzee mwingine ambaye familia yake iliambiwa "kulegeza" lengo la sukari, ikaelewa vibaya na kuacha dawa kabisa. Mashine inasoma 24. Midomo imekauka, anakojoa sana, anasinzia tangu jana. Huyu hakai nyumbani. Naita gari na kumpeleka, kwa maana mzee asiyejua kusema ana kiu hukaukiwa haraka sana.

Saa 10:45 jioni

Nampigia daktari kuhusu namba za shosho. Kanuni yake ya kawaida kwa wazee ni kwamba nusu ya vipimo vya asubuhi katika wiki vikizidi lengo, unaongeza yuniti 2; vikishuka chini ya 4.4 zaidi ya mara mbili, unapunguza 2. Kwa lengo la 8.3, la mzee ambaye bado anajisimamia, vitano kati ya saba vingekuwa vimezidi na tungeongeza. Kwa lengo la 10 la shosho, ni kimoja tu, na hicho ni cha embe. Tunakubaliana dozi ibaki 16.

Nampa binti jibu. Ananiuliza kama aendelee kuamka saa 9 usiku kupima. Usiku mbili zaidi wiki hii, namwambia, na zote zikiwa juu ya 6 alale mpaka asubuhi.