Kumbukumbu ya mradi: kadi za maneno ya yoga, asana hadi namaste

Mradi wangu wa kadi za maneno ya yoga kwa Kiswahili umesogea. Kadi za asana, pranayama na namaste zimekamilika. Kila neno nalifungua hadi kwenye mzizi wake wa Kisanskriti, kisha ndipo nalitafutia Kiswahili, bila kupitia tafsiri za Ulaya.

Kazi ilianza kwenye irabu. Kisanskriti kina a fupi na a ndefu, na urefu huo unaweza kubadili neno zima, lakini maandishi mengi ya yoga huandika a moja tu kwa zote mbili. Kwenye kadi naandika irabu ndefu mara mbili, kama tunavyoandika "kaa" na "paa". Kamusi ninayoitegemea ni ya Monier-Williams ya mwaka 1899, ambayo Chuo Kikuu cha Cologne kimeiweka mtandaoni. Nikichagua mfumo wa kuandika unaoitwa Harvard-Kyoto, irabu ndefu huwa herufi kubwa, N kubwa ni n inayotamkwa kwa ulimi uliopindwa nyuma, na z husimama mahali pa sh:

```
Asana
prANAyAma
zavAsana
```

Aasana. Mzizi ni aas, kuketi. Kwa hiyo aasana ni kule kuketi, au mahali pa kuketi. Katika Yoga Sutra, kitabu cha kale cha yoga cha Patanjali, sura ya pili, mstari wa 46, asana inaelezwa kwa sifa mbili tu: iwe thabiti na iwe ya raha. Hakuna habari ya kusimama kwa mguu mmoja wala kupinda mgongo. Ufafanuzi wa kale wa mstari huo unataja mikao kama ule wa yungiyungi, na ukaaji wa tembo na wa ngamia. Karne nyingi baadaye, katika Hatha Yoga Pradipika ya karne ya 15, shavaasana inaelezwa kuwa ni kulala chali chini kama maiti, kuondoa uchovu na kutuliza akili. Mtu amelala, na bado jina ni "ketio". Nimechagua neno "mkao", kwa sababu nalo limetoka kwenye "kaa" na linabeba kuketi na namna mwili ulivyowekwa.

Praanaayaama. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi. Maelezo yanayosikika sana ni praana jumlisha yama, yaani pumzi na kuizuia. Hesabu ya irabu inakataa. Praana na yama zikiungana zinatoa praanayama, yenye a fupi katikati na nyingine fupi baada ya y. Neno lenyewe lina ndefu sehemu zote mbili. Kanuni ya Kisanskriti ni kwamba a inapokutana na aa, zinayeyuka kuwa aa moja, kama shava (maiti) na aasana zinavyotoa shavaasana. Basi sehemu ya pili ni aayaama, na maana yake ya kwanza ni kunyoosha, kurefusha.

Hata hivyo, wanaosema "kuzuia" hawako mbali sana. Aayaama imetoka kwenye mzizi yam, kushika au kudhibiti, pamoja na kiambishi aa, na kamusi inaipa pia maana ya kuzuia. Patanjali mwenyewe, mstari wa 49 wa sura hiyohiyo, anasema ni kukatiza mwendo wa kuvuta na kutoa pumzi. Kadi yangu inasema "kurefusha pumzi", na chini yake nimeweka "kuishika" kama maana ya pili. Praana nayo ni pra (mbele) na an (kupumua). Hutumika kwa uhai pia, kwa hiyo nimeandika pumzi na uhai.

Namaste. Namas ni kuinama kwa heshima, kutoka nam, kuinama. Te ni "kwako". Neno kwa neno: heshima ya kuinama kwako. Ile sentensi ndefu kuhusu uungu ulio ndani yangu kuuheshimu uungu ulio ndani yako ni tafakuri juu ya salamu. Haimo katika silabi hizi tatu. Kinachonivutia ni kwamba te ni ya mtu mmoja. Kisarufi, ukiwasalimu wawili ni namo vaam, kwani Kisanskriti kina umbo la pekee la watu wawili; wakiwa wengi, namo vah. Sauti ya mwisho ya namas hubadilika kufuatana na herufi inayofuata: mbele ya t inabaki s, mbele ya v as nzima inageuka o.

Kanuni hiyo imenifungulia kadi inayofuata, adho mukha shvaanaasana. Adhas (chini) mbele ya m imekuwa adho, mukha ni uso, shvaana ni mbwa. Nimeandika "mkao wa mbwa, uso chini". Bado natafuta Kiswahili cha bhujangaasana: bhujanga ni nyoka, lakini ukilifungua neno ni "aendaye kwa kujipinda", na ningependa kadi ionyeshe mwendo huo.