Dengu kwenye sahani ya chai: nilivyojifunza kuisikia -ito ya Wahispania

Mteja aliagiza "un platito de lentejas". Nilikuwa na mwezi mmoja tu katika mkahawa ule wa Lavapiés, hapa Madrid, na siku hiyo ndiyo nilikuwa nimetolewa kwenye sinki la vyombo nikawekwa kupakua. Plato ni sahani, platito ni kisahani. Nikachukua kisahani cha kuwekea kikombe, nikakitilia dengu vijiko vitatu, nikakipitisha dirishani. Dakika haikuisha kikarudi. Aliyeagiza alikuwa fundi wa ujenzi, mtu wa miraba minne aliyebeba matofali tangu alfajiri, na alitaka dengu zake sahani nzima, zimejaa, na mkate juu yake.

Kosa langu nililitoa shuleni Kenya. Kila aliyefanya mtihani wa Kiswahili kwetu anakumbuka lile swali: andika sentensi ifuatayo katika hali ya udogo, kisha katika hali ya ukubwa. Mbwa, kijibwa, jibwa. Mtu, kijitu, jitu. Mwalimu wa Kihispania aliponiambia kwamba -ito ni ya udogo na -ón ni ya ukubwa, nikasema hilo nalijua. Nikaibandika -ito kwenye ki- na -ón kwenye ji-, basi, somo limekwisha.

Mpishi wetu, mama mmoja kutoka Puebla, Meksiko, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia, "Mijo, yule hakuomba sahani ndogo. Aliomba vizuri." Neno lenyewe mijo ni "mi hijo" lililobanwa, mwanangu, na hakuwa na njia nyingine ya kuniita.

Aliomba vizuri. Nililitafuna neno hilo wiki nzima, hadi siku moja nikajisikia mwenyewe nikimwambia Mkenya mwenzangu nyumbani: "Niletee maji kidogo." Akaleta bilauri imejaa, na mimi nikanywa yote bila kuona kioja. Nisaidie kidogo, subiri kidogo, pisha kidogo. Hapo hakuna anayepima. "Kidogo" yetu inapunguza uzito wa ombi, haigusi maji. Hiyo ndiyo kazi ya -ito katika platito, katika cafecito, katika "un momentito". Jamaa ya -ito kwa Kiswahili si ki-. Ni "kidogo".

Baada ya hapo nikaanza daftari. Kila nikisikia neno lenye mkia huo niliandika nani amesema, anamwambia nani, kisha nikalikata mkia na kuisoma sentensi upya. Kitu kikibadilika ukubwa, mkia ulikuwa wa kipimo kweli. Kikibaki vilevile lakini sentensi ikawa kavu, mkia ulikuwa wa watu wawili wanaoongea. Chukua hii, ya mhudumu wetu akimwambia mpishi: "Cuando puedas, ¿me haces un cafecito?" Ukiweza, nitengenezee kahawa. Ukiandika café tu, kahawa ni ileile, kikombe kilekile, ila sasa inasikika kama amri. Lakini "una cucharita", kijiko cha chai, ukiikata inakuwa cuchara, kijiko cha kulia supu. Hapo mkia ulikuwa wa kipimo. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na maneno thelathini na kitu, na ya kipimo hayakufika kumi.

Namna ya kuunda maneno yenyewe haikunisumbua sana. Neno likiishia o au a, irabu hiyo inatoka: casa, casita, libro, librito. Likiishia n au r huwa linataka -cito: mujer, mujercita. Neno fupi la silabi moja kama pan, Mhispania anasema panecito. Mpishi wetu wa Puebla alisema pancito, na wote wawili wako sahihi kwao. Tahajia inafuata sauti, kwa hiyo poco inakuwa poquito na taza inakuwa tacita. Bosi wetu, mwenyeji wa Granada, hakusema poquito hata siku moja. Alisema poquico. Ukisikia -ico Uhispania, anza kukisia kusini-mashariki au Aragón. Na ukiisikia ng'ambo baada ya t, kama momentico, huenda mtu huyo ni wa Kuba, Kolombia au Kosta Rika. Hawa wa mwisho ndio wanaoitwa ticos kwa sababu hiyohiyo.

Kilichonisumbua ni mkia mwingine wa udogo, -illo.

Bosi alikuwa na binti wa miaka saba aliyekuja mkahawani baada ya shule kufanya hesabu zake kwenye meza ya pembeni. Siku moja alinisahihisha jumla ya bili kabla sijamaliza kuiandika. Nilifurahi kweli. Lista ni msichana mwerevu, na kwa kuwa ni mtoto, na kwa kuwa nilikwishasikia chiquilla na mesilla, nikamwambia mama yake: "Su hija es una listilla." Uso wa bosi ukafunga. Nilikuwa nimemwambia kwamba binti yake ni mjuaji, kile kitoto kinachojifanya kinajua kila kitu. Laiti ningesema "es muy lista", ningemalizana.

Hapa ndipo ki- yetu ilipopata nduguye. Tunaposema kijitu au kijizee, hatuna mapenzi, na -illo ikibandikwa kwa mtu mara nyingi ina dharau iyo hiyo: abogado ni wakili, abogadillo ni wakili wa vichochoroni. Si kila mara, maana kusini mwa nchi, Sevilla huko, -illo inaweza kuwa ya upendo kabisa. Na mahali pengine haina hisia yoyote kwa sababu neno limekwisha kuganda: bolsillo ni mfuko wa nguo, ventanilla ni dirisha la kuhudumia watu kwenye ofisi, bocadillo ni mkate uliojazwa nyama au jibini. Cuchillo, kisu, wala usihangaike kukikata mkia. Kilikuwa kidogo tangu Kilatini, na hakuna cucho anayekingoja.

Kejeli nilichelewa zaidi kuisikia. Usiku mmoja friji iliharibika, mhudumu akaugua, na meza mbili zikaondoka bila kulipa. Tukifunga, bosi akaegemea kaunta akasema, "Vaya nochecita." Nochecita, kausiku. Nikamjibu kwa uchangamfu, "Sí, muy bonita," ndiyo, mzuri sana. Mpishi akageukia ukuta.

Leo naweza kusema ningejuaje. Kwanza ni lile vaya, au menuda, linalotangulia. Menudo kwa asili ni kitu kidogo sana, lakini "menudo lío" ni balaa kubwa, neno limepinduliwa. Pili ni mkia wa mapenzi kukaa juu ya jambo ambalo hakuna anayeweza kulipenda. Tatu ni sauti inayovutwa kwenye -ci-. Mambo hayo matatu yakikutana, hesabu kinyume. Wauzaji nao wana ujanja wa karibu na huo: "son veinte euritos". Kata mkia, bado ni yuro ishirini.

Kuna neno moja kwenye daftari nililolikata mara nyingi: morenito, kutoka moreno, mtu wa rangi iliyokolea. Jirani yangu wa ghorofa ya pili, bibi wa miaka themanini na zaidi, aliniita hivyo kila asubuhi akinipa kipande cha keki, na kwake sikuona neno la kuumiza. Hata mbwa wake, mkate wake na miguu yake inayomuuma vyote vilikuwa na -ito. Mteja mmoja naye aliniita "negrito", kutoka negro, mweusi, huku akipiga vidole ili nimletee bia. Mkia ni uleule. Nilipoukata, kilichobaki kwa bibi kilikuwa namna yake ya kuongea na dunia nzima, na kilichobaki kwa yule mteja kilikuwa rangi yangu. Watu watakuambia "lakini ni ya upendo". Anayeamua ni anayeitwa. Bia nilimpelekea, jina langu nikamtajia, na alipokuja tena alilitumia.

Upande wa ukubwa, ji- yangu ilianguka mapema zaidi. Cuchara, kijiko, inatoa cucharón, upawa, hapo sawa. Caja ni sanduku na cajón ni droo. Calle ni barabara, lakini callejón ni kichochoro! Rata ni panya buku, na ratón ni yule mdogo wa jikoni. Hata -ote, nayo ya ukubwa, ilinigeuka: isla ni kisiwa, islote ni kisiwa kidogo kisicho na watu. Mpishi alipomwita mwanawe pelón nikadhani ana nywele tele, kwa kuwa pelo ni nywele. Alipokuja, kichwa kilikuwa kipara kilichonyolewa kinang'aa.

Niliacha kutafuta ukubwa, nikaanza kusikiliza kuzidi. Llorón ni mtoto anayelia kupita kiasi, comilón ni mlafi, mandón ni yule anayeamrisha kila mtu, preguntón, anayeuliza bila kuchoka, ni mimi. Mkia huu unakupa tabia iliyofurika, na hisia yake inategemea anayesema, ingawa mara nyingi ni ya utani. Ukubwa wa kusifia unakaa zaidi kwenye -azo. Bosi alipomsimulia mumewe kuwa "un padrazo", nikaona jibaba, jitu la kutisha. Kumbe ni baba anayewapenda wanawe mpaka anawadekeza. Golazo ni bao la kuinuka kitini. Tatizo ni kwamba -azo hiyohiyo ni pigo: codo ni kiwiko, codazo ni kupigwa kiwiko, puerta ni mlango, portazo ni mlango kubamizwa. Ninavyotofautisha ni kuuliza kama kitu hicho kinaweza kupiga. Baba anaweza, nakubali, kwa hiyo kanuni yangu ina tundu.

Jumapili iliyopita mama alipiga simu kutoka Kakamega. Tukaongea mvua, tukaongea ng'ombe, kisha akasema, "Sasa mwanangu, nitumie pesa kidogo, fundi anarudi kesho." Nikamuuliza ni ngapi. "Elfu arobaini tu." Nilimtumia, kisha nikafungua daftari na kuandika mstari mpya: dinerito.